Nitaandika wapi? Kisa cha bango la mita 12 na mama wa chapati

Ujumbe wa mbunifu uliingia saa tatu usiku, siku mbili baada ya kukabidhi picha: "Kaka, picha ni kali sana, mteja kaipenda. Sasa niambie, nitaandika wapi?"

Nilifungua picha ile kwenye kompyuta na kuitazama kwa mara ya kwanza kwa jicho lake. Mama mmoja, mpishi wa kweli wa chapati, amesimama katikati ya picha akiinua chapati kwa mwiko, kilemba kichwani, uso umepata nuru ya dirishani. Kushoto kwake kuna dirisha lenye nondo. Kulia, rafu ya vyombo. Chini, jiko na kikaango. Nilikuwa nimeijaza fremu kila pembe, na kama picha ya ukutani ilistahili. Ila haikuagizwa kwa ukuta wa mtu. Iliagizwa kwa bango la mita 12 kwa 4 kando ya Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam, kwa ajili ya unga wa ngano, na juu yake kulitakiwa kukaa maneno manne na nembo.

Naeleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu kosa lilelile naliona kwa wapiga picha wengi wazuri, na kwa sababu suluhisho lake lilikuwa la futi kamba zaidi kuliko la kipaji.

Hesabu ambayo sikuifanya

Kamera yangu inatoa picha ya pikseli 6000 kwa 4000, yaani upana ni mara moja na nusu ya kimo. Bango la mita 12 kwa 4 upana wake ni mara tatu ya kimo. Ukitaka kutumia upana wote wa picha, kimo kinachobaki ni pikseli 2000 tu. Nusu ya picha inatupwa, na hilo si hiari ya mtu, ni umbo la bango.

Kwenye picha yangu, kutoka ncha ya kilemba hadi chini ya kikaango kulikuwa na pikseli 3600. Kwenye utepe wa pikseli 2000 huwezi kuingiza vyote viwili. Mbunifu alijaribu: akishika uso, chapati inakatika, akishika chapati, mama anabaki kidevu na kuteremka. Na tangazo lenyewe lilikuwa la chapati inayobaki laini mpaka kesho yake. Bila uso hakuna raha, bila chapati hakuna bidhaa.

Njia ya pili ilikuwa kuacha kimo chote na kuongeza upana pembeni. Tukafanya hesabu pamoja kwenye simu. Ili pikseli 3600 ziwe kimo cha bango, upana unatakiwa uwe 10,800. Tunazo 6000. Zinazokosekana ni 4800, zaidi ya theluthi moja ya bango zima, na zote zilipaswa kutengenezwa kwa kunakili vipande vya dirisha na ukuta. Mbunifu alikesha akijaribu. Asubuhi alinionyesha kazi yake: nondo za dirisha zilijirudia mara tatu, na kwenye kila dirisha kulikuwa na doa lilelile la kutu mahali palepale. Ukiliona doa la kwanza, jicho linakwenda lenyewe kutafuta la pili na la tatu, na maneno huyasomi tena. Ukuta alioupaka ulitoka bapa kama karatasi kando ya ukuta wa kweli wenye chembechembe za plasta.

Hata kama angefanikiwa kuficha madoa, dirisha lenyewe lisingekubali maandishi. Kati ya nondo kulikuwa na miraba ya mwanga mkali, na nondo zenyewe zilikuwa nyeusi. Herufi nyeupe inapotea kwenye mwanga na inaonekana kwenye nondo. Herufi nyeusi inafanya kinyume chake. Hakuna rangi hata moja inayosomeka pote. Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo miaka mingi nilikuwa nalisema vibaya. Nilikuwa nikiita eneo la maneno "sehemu tupu", kana kwamba ni kile kinachobaki baada ya kupiga unachokitaka. Dirisha lile lilikuwa tupu kabisa, hakuna mtu wala chombo, na bado halikufaa. Nafasi ya maandishi ni kitu kinachopigwa picha kama mama na chapati vinavyopigwa: ina vipimo vyake, ina mwanga wake, na lazima ipangwe kabla mtu hajasimama mbele ya kamera.

Mteja alikubali tupige upya. Gharama ya siku ya pili tuligawana mimi na wakala wa matangazo, kwa kuwa wao hawakuleta mpangilio wa bango na mimi sikuuomba.

Kuanzia kwenye herufi

Safari hii tulikaa na mbunifu kabla ya kugusa kamera, na tulianza na maneno. Kichwa cha tangazo kilikuwa "Laini mpaka kesho asubuhi". Swali la kwanza lilikuwa herufi ziwe na ukubwa gani.

Wachora mabango wana kanuni ya siku nyingi: inchi moja ya kimo cha herufi kwa kila futi 10 za umbali, ndipo mtu asome bila kukaza macho. Kwa mita 100 hiyo inadai herufi za sentimita 83 hivi. Tulipozipanga kwa ukubwa huo, mstari wa "kesho asubuhi" ulivuka mita saba, na mama akabaki amebanwa pembeni. Tukashuka hadi sentimita 60. Kwa kanuni ileile, hizo zinasomeka vizuri kuanzia kama mita 72. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa linakata mita 72 kwa sekunde tano, na katika sekunde hizo dereva ana barabara ya kutazama. Maneno manne yanatosha kwa muda huo. Meneja masoko alitaka kuongeza mstari wa namba ya simu na anwani ya mtandao. Tulimwonyesha hesabu hii, akaziondoa mwenyewe.

Kwa aina ya herufi nene aliyoichagua mbunifu, kila herufi pamoja na nafasi yake ilichukua wastani wa sentimita 40. "Kesho asubuhi" ina herufi na nafasi 13. Mara sentimita 40, ni mita 5.2. Kwa kimo, mistari miwili ya sentimita 60 na sentimita 30 katikati ni mita moja na nusu. Chini yake tukaacha nusu mita, kisha nembo ya mita moja, kisha nusu mita juu na nusu mita chini ya vyote. Jumla ni mita nne kamili.

Zile nusu mita za pembeni si anasa. Bango la fleksi hukunjwa kwenye kingo na kuvutwa kwa kamba nyuma ya fremu ya chuma, na mafundi wakilivuta zaidi upande mmoja, sentimita 10 au 20 zinazama nyuma. Nembo iliyowekwa ukingoni inaweza kuzama nazo.

Kisha tukaenda kulitazama eneo. Nashauri kila mpiga picha aende, maana michoro ya wakala haionyeshi miti. Upande wa kulia wa bango lile, ukitoka mjini, kuna mwarobaini ambao matawi yake yalifunika kona ya chini, karibu sentimita 80 kutoka ukingo wa chini. Mpangilio wa kwanza wa mbunifu ulikuwa umeweka nembo kona hiyohiyo ya chini kulia, kama desturi ilivyo. Tukaihamishia kushoto, chini ya kichwa cha tangazo, na tukakubaliana kwamba sentimita 80 za chini upande wa kulia zisibebe chochote cha maana. Zitakuwa ukingo wa meza na kitambaa basi.

Tuliporudi ofisini tulikuwa na mgawanyo. Kutoka kushoto: sentimita 60 za pembeni, mita 5.2 za maneno, sentimita 70 za kupumua, na kuanzia mita 6.5 hadi 12 ni mahali pa mama. Mama akae kulia, ageukie kushoto. Kama angegeukia kulia, macho yake yangempeleka msomaji nje ya bango, upande wa mti.

Chumba kilikuwa kidogo

Hapa ndipo nilipogundua kwamba siku ya kwanza hata ningekuwa na mpangilio mkononi nisingefaulu, kwa sababu jiko tulilopigia halikuwa na ukuta wa kutosha.

Ili mama aonekane kuanzia kiunoni, na jiko lake mbele, kimo cha tukio kinatakiwa kiwe kama mita moja. Bango ni mara tatu kwa upana, kwa hiyo mahali anaposimama mama lazima kamera ione upana wa mita tatu. Mita tatu za jukwaani kwa mita 12 za barabarani: kila mita ya bango ni sentimita 25 za jukwaani. Uwiano huu wa moja kwa nne ulirahisisha kazi yote iliyofuata, maana kila kipimo cha mbunifu niliweza kukigawanya kwa nne na kukiweka sakafuni kwa futi kamba na mkanda wa gundi.

Ukuta wa nyuma, hata hivyo, unahitaji upana zaidi ya mita tatu, kwa kuwa kadiri unavyokwenda nyuma ndivyo kamera inavyoona eneo pana zaidi. Kwa lenzi ya milimita 50, ili kuona mita tatu nilipaswa kusimama kama mita 4.2 kutoka kwa mama. Ukuta ukiwa mita 2.5 nyuma yake, upana unaohitajika unafika mita 4.8. Jiko lile lilikuwa na ukuta wa mita tatu. Pembeni pake kuna dirisha na rafu, na hivyo ndivyo vilivyoingia kwenye picha.

Lenzi ndefu inapunguza upanukaji huo. Nikichukua milimita 85 nasimama mita 7.1 kutoka kwa mama, na ukuta ukisogezwa hadi mita 1.2 nyuma yake, upana unaohitajika ni mita tatu na nusu tu. Plaiwudi moja ina upana wa mita 1.22 na urefu wa 2.44. Tatu zikisimamishwa bega kwa bega zinatoa mita 3.66. Tukakodi ukumbi wa mikutano kwa siku moja, wenye urefu wa zaidi ya mita 10, tukajenga ukuta wetu humo kwa plaiwudi tatu, rangi ya kijani iliyoiva.

Nilikuwa nimemwambia fundi asihangaike sana na maungio ya plaiwudi, kwamba ukungu wa nyuma utayameza. Nilikosea, na bahati nzuri niliona kwenye majaribio usiku wa kuamkia kazi. Ukisimama mita saba na lenzi ya milimita 85, tundu likiwa f/5.6, kitu kilicho mita 1.2 nyuma ya mada bado kimo ndani ya eneo linaloonekana kali. Hata kwa f/2.8 kinalainika kidogo tu. Ule ukungu mzuri tuliouzoea kwenye picha za uso hutokea kwa sababu tunasimama karibu. Ukirudi nyuma kutafuta nafasi ya maandishi, unaupoteza. Kwa hiyo ukuta wenyewe lazima uwe safi. Fundi alijaza maungio kwa puti, akapiga msasa, akapaka upya mara mbili, na alimaliza saa saba usiku.

Mama, meza na matofali

Asubuhi mama alifika na kikaango chake mwenyewe, kile cha kwake kilichoshika rangi ya miaka. Nilimwamkia, nikamweleza kwamba leo atasimama pembeni, si katikati.

"Mbona huku kwingine pote kutupu, mwanangu?" akaniuliza. "Anakuja mwenzangu?"

Nikamwambia mwenzake ni maneno. Akatazama ukuta ule wa kijani, akaitikia kwa kichwa, na kutwa nzima akawa analinda mpaka ule kuliko msaidizi wangu.

Tatizo la kwanza lilikuwa kimo. Kutoka kikaangoni hadi ncha ya kilemba chake kulikuwa na sentimita 75. Ongeza sentimita 20 za chini zitakazofichwa na mwarobaini, zile 80 za bangoni zikigawanywa kwa nne, na juu ya kilemba inabaki nafasi ya vidole viwili. Angeonekana kama mtu aliyebanwa na dari. Tukaweka matofali chini ya miguu ya meza, ikapanda sentimita 15, kikaango kikasogea kwenye uso. Sasa kulikuwa na sentimita 60 kati ya chapati na kilemba, na 20 za hewa juu. Mama alisema meza iko juu kidogo lakini mwiko unafika, tena hahitaji kuinama. Kwenye picha hakuna anayejua kuna matofali. Kinachoonekana ni kwamba uso na chapati vimekaribiana, jambo ambalo bango pana lenye kimo kifupi linalipenda.

Kamera niliiunga na kompyuta kwa waya. Mbunifu alikuwa ameleta mpangilio wake kama faili la PNG lenye usuli wazi: kichwa cha tangazo, nembo na mstari wa ukingo wa bango tu. Kwenye Lightroom Classic unaingia View, kisha Loupe Overlay, kisha Choose Layout Image, na kila picha inayotoka kwenye kamera inaonekana kwenye skrini maneno yakiwa yamelala juu yake. Sijui kazi ya bango ninayoweza kuifanya tena bila hatua hii. Kwenye kioo cha kamera unaona picha. Kwenye skrini ile unaona bango.

Na tuliona haraka. Mama alipoinua chapati kwa furaha, kiwiko chake kilitoka nje ya eneo lake. Kwa jicho langu nyuma ya kamera ilikuwa kitu kidogo, sentimita 25 hivi, mkono mzuri wenye bangili. Zidisha kwa nne: ni mita nzima barabarani, inayomaliza zile sentimita 70 za kupumua na kuingia kwenye herufi ya mwisho ya "asubuhi". Tuliweka mkanda wa gundi kwenye ukingo wa meza kama alama, nje ya macho ya kamera, tukamwomba mama kiwiko kisiipite. Picha tatu zilizofuata bado kilipita. Ya nne hakikupita, na tabasamu lilikuwepo.

Mvuke nao una njia zake. Chapati ya moto hutoa moshi mwepesi mweupe, na kila mtu anaupenda kwenye picha ya chakula. Feni ya ukumbi iliusukuma kushoto, ukatambaa mbele ya ukuta wa kijani palepale herufi nyeupe zinapokaa. Kwenye skrini, neno "mpaka" lilififia katikati kama limefutwa kwa kidole. Tukaizima feni ile, tukaweka ndogo sakafuni ikivuta upepo kulia.

Mwanga wa mahali pa maneno

Taa kuu niliiweka mbele kushoto, juu, kwenye softiboksi kubwa. Ingekuwa kulia, kivuli cha mama kingeangukia kushoto, kwenye maneno. Kwa kuwa iko kushoto, kivuli chake kinakwenda kulia na nyuma, ambako hakuna kinachoandikwa. Lakini taa ya kushoto inaangaza pia ukuta wa kushoto, na ukuta ukiwa na mwanga mkali upande mmoja, herufi za mwanzo na za mwisho hazisomeki sawa. Msaidizi alisimamisha ubao mweusi kati ya taa na ukuta, akawa anausogeza kidogo kidogo huku nikipima.

Nilitaka vitu viwili. Kwanza, ukuta uwe chini ya uso wa mama kwa stopu mbili, yaani upate robo ya mwanga wake, ili uso uwe ndicho kitu chenye nuru na ukuta uwe na giza la kutosha kubeba herufi za rangi ya maziwa. Pili, kutoka mwanzo hadi mwisho wa zile mita 5.2, tofauti isizidi nusu stopu. Cha kwanza kilipatikana upesi. Cha pili kilitula saa nzima, na mteja alianza kutazama saa yake. Sikumlaumu, kwani alikuwa anatuona tukihangaikia ukuta usio na kitu huku mama amekaa kwenye kiti. Lakini saa hiyo ndiyo iliyofanya bango lisomeke.

Nilipogeuza picha kuwa nyeusi na nyeupe ili nione mwanga bila kudanganywa na rangi, kosa jingine likajitokeza. Nembo ya mteja ni nyekundu. Juu ya ukuta wa kijani ilionekana wazi kabisa kwenye skrini ya rangi. Bila rangi ilitoweka: wekundu ule na kijani kile vilikuwa na kijivu kimoja. Kwa macho ya jioni, gari linapopita na mwanga umepungua, rangi hupoteza nguvu kabla ya mwanga na giza, na nembo ingebaki kama doa. Pia kuna watu wasiotofautisha nyekundu na kijani hata mchana. Mbunifu aliiweka nembo ndani ya kibao cha rangi ya maziwa, ileile ya herufi, na mambo yakakaa. Kibao kile kilikula sentimita 15 kila upande, ambazo zilikuwepo kwa sababu tulikuwa tumeacha nusu mita.

Jaribio la mwisho tulilifanya kwa simu. Bango la mita 12 likiwa mita 100 mbali na wewe, machoni pako lina ukubwa sawa na picha ya upana wa sentimita 6 uliyoishika nusu mita kutoka usoni. Herufi ya sentimita 60 inakuwa milimita 3. Tulituma picha yenye maneno kwenye simu ya mlinzi wa ukumbi, ambaye hakuwa na habari na kazi yetu, tukapima sentimita 6 kwenye kioo chake kwa rula, tukamwomba aishike kwa mkono ulionyooka na kuitazama kwa pumzi moja.

"Laini mpaka kesho asubuhi," akasoma. "Chapati."

Kuhusu wingi wa pikseli, swali ambalo wateja huuliza kila mara: utepe wetu ulikuwa pikseli 6000 kwa upana wa mita 12, yaani kila pikseli ni milimita 2 barabarani. Ukisimama chini ya bango na kutazama juu utaona vijidoa. Kutoka mita 50, jicho la kawaida haliwezi kutenganisha vitu vidogo kuliko sentimita moja na nusu hivi, kwa hiyo milimita 2 hazionekani kabisa. Hatukuhitaji kamera kubwa zaidi. Tulihitaji utepe wote wa upana, na tuliupata kwa kuwa hatukukata chochote pembeni.

Nafasi iliyobaki juu

Nimesema nusu ya fremu hutupwa. Siku ile sikuitupa. Tukiwa tunajenga ukuta, mbunifu alitaja kwamba huenda mteja akataka picha hiyohiyo kwenye vituo vya daladala, kwenye vibao vya kusimama vya mita 1.2 kwa 1.8. Kwa hiyo niliupanga utepe wa bango upande wa chini wa fremu: sentimita 20 tu za meza chini yake, na sentimita 80 za ukuta juu yake. Lenzi niliiweka kwenye kimo cha mita 1.65, imenyooka bila kuinamishwa. Kwa kimo hicho kamera ilikuwa inaona ukuta hadi karibu mita 2.8 kutoka sakafuni, na plaiwudi inaishia 2.44. Tukazipandisha plaiwudi zote sentimita 40 juu ya kreti. Chini kulibaki uwazi ambao kamera haiuoni.

Wiki mbili baadaye mteja aliomba vibao vya vituo. Mbunifu alikata kipande kilichosimama chenye mama peke yake chini, na zile sentimita 80 za kijani juu ya kilemba chake zikabeba maneno, safari hii kwa mistari mitatu. Mwanga wa juu ulikuwa umeshuka kidogo kuelekea pembe ya kulia, kwa kuwa huko sikupima kwa makini kama kushoto, na ilibidi auinue kwenye kompyuta kabla ya kuchapisha. Kwa kibao kinachotazamwa kutoka hatua tano, tofauti hiyo ilionekana.

Bango la Nyerere lilipandishwa siku ya Jumamosi. Mafundi walilivuta zaidi upande wa juu, zikazama sentimita 10 hivi. Nilipita Jumapili asubuhi kwa bajaji, nikitokea mjini. Mwarobaini ulikuwa umefunika kitambaa cha meza na ukingo wake, ukaishia chini ya kikaango. Chapati ilikuwa hewani, na upande wa kushoto maneno yote manne yalikuwa yamekaa kwenye kijani chao.

Dereva wa bajaji aliligeukia, akalisoma kwa sauti, akarudisha macho barabarani.